Ofisi ina Excel, inaichapa, inaiskani, kisha mimi ndiye nirudishe kwenye Excel. Nimechoka!

Mtunza_stoo
Wakuu, sijalala kwa hasira. Natunza stoo ya vifaa vya mabomba. Makao makuu wana orodha ya mali yote kwenye Excel. Badala ya kunitumia faili hilo, wameichapa, wakaigonga muhuri, wakaiskani, wakanitumia PDF ya kurasa 14 ambayo ni picha tupu. Amri ni kwamba irudi kwenye Excel kabla ya Jumatatu. Nimeomba faili la mwanzo, naambiwa nitumie hilo hilo lenye muhuri.

Nimeipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi. Koki 18 zimekuwa 13. Bei ya 6,800 kwingine imekuwa 6.800, Excel inaihesabu shilingi sita na senti themanini. Bomba za 1/2 na 3/4 zimegeuka tarehe! Na neno KOKI, ambalo kwenye karatasi liko katikati ya seli moja iliyounganishwa mistari 9, limeangukia mstari wa tano peke yake. Minne ya juu na minne ya chini ni mitupu, nikipanga upya koki zinachanganyika na elbo. Mali ikionekana pungufu nakatwa mshahara mimi, hakatwi aliyeskani.

Kijana_wa_mtaa
Hiyo PDF ina nywila? Kuna tovuti zinaiondoa bure.

Mtunza_stoo
Haina nywila, ndugu. Soma tena.

Dada_Printa
Waambie waskani kwa dpi 600, makosa yote yataisha. 

Mzee_wa_hesabu
Dada, dpi inasaidia pale skani ilipokuwa hafifu, na 300 kwa kawaida inatosha. Ila hata picha safi haizuii 1/2 kuwa tarehe, hiyo ni kazi ya Excel yenyewe.

Mtunza stoo, anza na hiyo. Ukibadilisha muundo wa seli sasa utapata namba kubwa ya ajabu, maana 1/2 yenyewe imeshapotea. Fungua karatasi mpya, kolamu ya saizi iweke `Text` ikiwa bado tupu, ndipo ubandike upya kutoka matokeo ya ile programu.

Seli zilizounganishwa: ondoa muungano, kisha pandisha neno KOKI hadi mstari wa kwanza wa kundi lake. Usiruke hatua hii, ukijaza neno likiwa katikati, koki nne za juu zitaandikwa jina la kundi lililotangulia. Halafu chagua kolamu, bonyeza F5, `Special`, `Blanks`, andika alama ya =, bonyeza mshale wa juu, kisha Ctrl+Enter. Mwisho nakili kolamu uibandike kama `Values`.

Namba usizisake kwa macho. Kama D ni idadi, E bei na F jumla, weka hii pembeni:

```
=IF(ROUND(D2*E2,0)=F2,"","ANGALIA")
```

Ikitoa `#VALUE!`, huenda kuna herufi ndani ya namba, kwa mfano O iliyokaa mahali pa sifuri. Koki yako ina jumla gani?

Mtunza_stoo
122,400.

Mzee_wa_hesabu
Gawa kwa bei 6,800, unapata 18 kamili. Gawa kwa 13, unapata 9,415 na vipande, hakuna anayeuza bei hiyo. Kosa liko kwenye idadi. Hata hivyo rudi kwenye picha uone kabla hujaandika. Na mistari yenye idadi 0 isome mmoja mmoja, kwa sababu sifuri mara bei yoyote ni sifuri, kosa la bei halitaonekana.

Mama_Matokeo
Mimi walinitumia matokeo ya darasa zima hivyo hivyo, mtoto wa alama 81 akawa wa alama 31. Nilipigana wiki mbili.

Mtunza_stoo
Mzee, asante sana. ANGALIA zilikuwa 41, zimebaki 3, na hizo 3 zimenipandisha hasira upya. Nimekuza picha, inasema 6 waziwazi, lakini jumla inataka 8.

Fundi_wa_mashine
Inawezekana picha yenyewe ni ya uongo. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha mashine za Xerox zikibadilisha 6 kuwa 8 ndani ya skani. Ili faili liwe dogo, mashine ilikuwa inachukua vipande vinavyofanana na kurudia kimoja. Namba inatoka safi kabisa, ila siyo iliyokuwa kwenye karatasi. Sisemi mashine ya ofisi yenu ni ya aina hiyo. Ila karatasi yenyewe ndiyo itakayoamua.

Mzee_wa_hesabu
Au aliyetengeneza Excel aliandika jumla kwa mkono akakosea. Tusiilaumu mashine mapema.

Mtunza_stoo
Karatasi iko makao makuu, na Excel iko makao makuu. Nimezipaka njano hizo 3, nimeandika kwamba sijazi hadi nionyeshwe karatasi. Nimepiga simu mara mbili, hawajapokea.