Sabuni ya mise ilikuwa safi, ya mawese inawasha mikono. Nikague nini kabla ya kuipeleka dukani?

Mama Igoma

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Natengeneza sabuni za miche nyumbani, Igoma hapa Mwanza. Resipe nilipewa kwenye semina ya wajasiriamali: mafuta lita 20, kostiki kilo 3, maji lita 7. Mzigo wa kwanza nilitumia mafuta ya mise kutoka Kigoma. Ilitoka nyeupe, povu la kutosha, na akina mama wanaoosha dagaa kule Mwaloni waliigombania.

Safari hii mise ilikosekana, nikachukua mawese, vipimo vile vile. Imekuwa ngumu, rangi ya chungwa, juu imetoa unga mweupe, na wateja wanalalamika inawasha, hasa mwenye mchubuko mkononi. Nusu ya mzigo bado ninayo ndani. Kuna duka la jumla pale Makoroboi wamekubali kuanza na katoni chache na wanazitaka wiki ijayo. Je, huo unga ndio kostiki? Nikiiacha ikauke zaidi itaacha kuwasha? Na kabla ya kumkabidhi mwenye duka nikague nini?

Kaka Buhongwa

Dada, sabuni yako ni mbichi tu. Kostiki huwa inaisha yenyewe kadiri sabuni inavyokaa. Ipange kwenye chanja, hewa ipite, usiiguse mpaka mwezi uishe. Mimi ndivyo nifanyavyo na sijawahi kusikia lalamiko. Mwambie mwenye duka asubiri.

Binti wa Nyegezi

Na mimi nisaidiwe hapo hapo. Sabuni yangu ya maji jana ilikuwa nzito, nikaongeza chumvi iwe nzito zaidi, leo imekuwa kama maji ya bomba. Nimeambiwa niongeze chumvi tena, ni kweli?

Fundi Mafuta

Binti, usiongeze. Chumvi huifanya sabuni ya maji kuwa nzito hadi kiwango fulani, ukipitiliza inalegea. Chukua lita moja pembeni, tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Ikirudi kuwa nzito, basi tatizo lilikuwa chumvi na unaweza kuurekebisha mzigo wote hivyo hivyo. Mengine fungua uzi wako, tusimchanganye mwenye swali.

Mama Igoma, kosa haliko kwenye mikono yako, liko kwenye ile resipe. Aliyeitunga aliipimia mise. Kilo moja ya mafuta ya mise hula takriban gramu 176 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Kilo moja ya mawese hula gramu 141 hivi. Ni mafuta ya mchikichi huo huo, moja ya kokwa na jingine ya nyama ya tunda, lakini kwenye ndoo ya sabuni ni vitu viwili tofauti.

Tupige hesabu ya mzigo wako. Lita 20 za mafuta haya zina uzito wa kilo 18.2 hivi, maana lita moja haifiki kilo. Kwa mise, 18.2 mara 176 ni kama kilo 3.2 za kostiki. Wewe ulitia kilo 3, kwa hiyo mafuta kidogo yalibaki bila kuliwa, na hayo ndiyo yaliyolinda mikono ya wateja. Kwa mawese, 18.2 mara 141 ni kilo 2.57. Ulitia kilo 3. Gramu zaidi ya 400 za kostiki zimebaki ndani ya sabuni hazina mafuta ya kula.

Ndiyo maana sikubaliani na Kaka Buhongwa. Kukausha kunapunguza maji, na sabuni iliyopimwa vizuri inakuwa ngumu na laini zaidi kwenye ngozi, hapo yuko sahihi. Lakini kazi ya kostiki na mafuta karibu yote inakwisha ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Kilichozidi baada ya hapo hakina pa kwenda. Juu juu hewa itakigeuza magadi taratibu, katikati ya mche kitaendelea kukaa.

Kaka Buhongwa

Sawa mkuu, lakini mbona zangu nikizikausha zinatulia? Natumia mawese pia.

Fundi Mafuta

Kostiki unapima kwa nini, na kwa lita ngapi?

Kaka Buhongwa

Bakuli. Mabakuli mawili kwa ndoo ndogo. Uzito sijui.

Fundi Mafuta

Basi yawezekana kipimo chako kiko chini ya kinachotakiwa, na ulichokuwa unasubiri ni maji kukauka. Siwezi kukuhakikishia bila mizani. Kostiki ya vipande na ya chembe hazijazi bakuli sawa, na ikikaa kwenye mfuko ulio wazi inanyonya unyevu na kupungua nguvu.

Mama Igoma

Shukrani Fundi. Na huo unga mweupe?

Fundi Mafuta

Unga wa juu peke yake usikutishe. Sabuni mbichi ikikutana na hewa hutoa magadi membamba usoni, yanatoka ukipangusa na kitambaa chenye maji. Wewe kata mche katikati. Ukiona ndani kuna madoa meupe magumu au vijishimo vyenye majimaji yanayoteleza, hiyo ni kostiki. Doa jeupe ukiliacha wazi usiku likatoa unyevu, usitafute ushahidi mwingine.

Kisha lowesha kidole, sugua pale palipokatwa, gusisha ncha ya ulimi kidogo sana na uteme. Sabuni nzuri ina ladha ya sabuni tu. Yenye kostiki inashtua ulimi kama betri. Ukiwa na karatasi za pH, yeyusha kijipande kwenye maji safi ndipo uchovye, usibandike kwenye mche mkavu. Sabuni ya miche kwa kawaida husoma 9 hadi 10, usitegemee 7. Ikikimbilia 12, haiuziki.

Mama Igoma

Nimekata mitatu. Miwili ina madoa kabisa, na ulimi umenishtua mpaka nimekunywa maziwa! Sasa nitupe?

Fundi Mafuta

Hapana, inarudishwa jikoni. Mzigo mzima ungehitaji takriban lita 4 na nusu za mawese zaidi, ili kostiki yote iliwe na mafuta kama asilimia 5 yabaki. Umebaki na nusu, kwa hiyo lita 2 na robo. Hiyo nusu ihesabu kwa idadi ya miche, usiipime kwa uzito, kwa sababu maji yameshapungua.

Vaa glavu, ikwangue kama karoti, nyunyizia maji, iweke kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu na ukiweke juu ya maji yanayochemka. Sufuria zetu za alumini hapana kabisa, kostiki inazila na kutoa gesi inayoshika moto. Ikilainika tia mawese yaliyoyeyushwa, koroga mpaka iwe uji mzito wa aina moja, acha iendelee kwa moto mdogo kama saa moja, halafu mimina kwenye ukungu. Haitapendeza kama ya mwanzo, itakuwa na mabonde. Baada ya siku tatu kata, rudia ulimi.

Kitu kingine. Usiku wa Mwanza mawese yanaganda nusu, ya chini mazito na ya juu mepesi. Ukichota juu tu, leo umetumia mafuta haya na kesho mengine. Yeyusha dumu zima, koroga, ndipo upime. Na upime kwa kilo.

Mwalimu Ilemela

Mimi si mtu wa sabuni ila ninao wateja wa maduka. Dada, mwenye duka la jumla leo anachukua kwa kukufahamu, kesho mkaguzi akipita anakugeuka. Anzia SIDO upate barua ya utambulisho kama mjasiriamali mdogo, uende nayo TBS, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa ipo hapa hapa Mwanza. Wanaangalia mahali unapotengenezea na wanachukua sampuli. Usibandike nembo yao kabla hawajakupa leseni, hilo halina msamaha.

Mke wa Mvuvi

Jamani muwe wakweli. Nani alianza na TBS? Sote tulianza na majirani, hela ikipatikana ndipo mtu anakwenda kwenye vibali. Mkimwambia asubiri karatasi, mtaji utaisha.

Mwalimu Ilemela

Majirani sawa, wanamjua nyumbani. Duka la jumla linauza hadi Ukerewe, huko nani atamtafuta mtoto akiungua?

Mke wa Mvuvi

Mbona ya mwanzo haikumuunguza mtu na haikuwa na nembo? Haya, tusibishane.

Mama Igoma

Fundi, mizani ninayo ya kupimia unga. Na mwenye duka anataka niandike uzito kwenye karatasi ya mche. Nikikata natoa mche wa gramu 800. Niandike hivyo?

Fundi Mafuta

Usiandike uzito wa siku ya kukata. Karibu robo ya uji wako ni maji, na sehemu yake itaondoka mche ukiwa rafuni. Mteja akipima akakuta pungufu, Wakala wa Vipimo hawatauliza kama ni maji. Chagua miche mitatu, iandike tarehe, ipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, andika ule mdogo kati ya mitatu. Kwenye karatasi weka pia jina lako, mahali, viambato, tarehe na namba ya mzigo, ili lalamiko likija ujue ni ndoo ipi.

Ile mizani ya unga inafaa kwa mafuta. Kwa kostiki tafuta inayosoma gramu moja moja. Resipe mpya ya mawese matupu: kilo 18.2 za mafuta, kostiki kilo 2.44, maji hayo hayo au pungufu kidogo. Kostiki iingie kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, na watoto wawe mbali. Mise ikirudi sokoni usichanganye kwa kukisia, kila mafuta yapigie hesabu yake kisha ujumlishe.

Mama Igoma

Mwenye duka nimempigia, nimemwambia wiki ijayo haiwezekani. Amenuna ila amekubali mwezi ujao. Wale wa Mwaloni waliokwisha kununua, niwabadilishie au niwarudishie hela? Wengine wameshatumia nusu mche.

Mke wa Mvuvi

Wabadilishie, mdogo wangu. Hela hukurudishia uadui.

Kaka Buhongwa

Fundi, nimenunua mizani. Bakuli langu moja limetoa gramu 310. Ndoo yangu ni lita 5 za mawese na natia mawili. Niambie ukweli.

Fundi Mafuta

Lita 5 ni kilo 4.55, zinahitaji gramu 640 hivi. Wewe unatia 620. Uko chini kwa asilimia 3, umebahatika. Siku bakuli likijaa kidogo zaidi, umeshavuka.