Niko likizo iliyosainiwa, bosi kaweka namba YANGU kwenye jibu la barua pepe kama mtu wa dharura!

BintiWaNansio:

Wakuu, nimechefuka mpaka vidole vinatetemeka. "Si uko likizo? Kwani una kazi gani ya kukuzuia kupokea simu?" Ndivyo nilivyojibiwa asubuhi hii na yule bwana. Simtaji, mnamjua. Kama umewahi kufanya kazi kwenye viwanda vya minofu vya hapa Mwanza umeshakutana naye, yule anayetembea na funguo za gari mkononi hata akiwa kikaoni.

Mimi ni wa nyaraka. Mzigo wa sangara hauvuki mpaka bila karatasi zangu. Ndiyo maana kabla sijaondoka nilikaa na mwenzangu wa meza ya pili tukapanga kila kitu. Nikamuuliza kwanza kama yuko tayari, akakubali. Nikamwachia mafaili, nikahakikisha ana ruhusa ya kuomba cheti cha afya bila kunisubiri. Fomu ya likizo ina sahihi ya afisa utumishi na ya huyo huyo bwana. Kisha nikaandika jibu la kiotomatiki:

"Nipo likizo kuanzia Jumatatu 1 Juni. Nitarudi kazini Jumatatu 29 Juni. Kwa nyaraka za mzigo ulio njiani, andika kwenye barua pepe ya meza ya nyaraka au piga simu ya ofisi, uliza meza ya pili."

Basi. Nikapanda kivuko nikaja Nansio kwenye sendofu ya mdogo wangu.

Jana jioni tumesimama kumwingiza bibi harusi, simu inaita. Nikakata. Ikaita tena. Tena. Tena. Nilidhani kuna mtu amefariki. Napokea, ni wakala wa forodha yuko Sirari, anapiga kelele: gari la minofu limesimama, cheti kina namba ya mzigo iliyokosewa, anataka kingine sasa hivi. Nikamwambia kaka, niko likizo, piga ofisini. Akaniambia, "Dada, namba yako ndiyo imeandikwa hapa." Nikamwomba anisomee. Akanisomea. "Kwa dharura nipigie wakati wowote," halafu namba yangu ya mkononi, tarakimu zote!

Mimi sijaandika hivyo. SIJAANDIKA. Mwenzangu alikuwa ofisini zamu ya jioni, na kompyuta, na mafaili, na kila kitu, hakuna aliyempigia. Mimi nipo kisiwani nimevaa kitenge cha sare, bila kompyuta wala karatasi, naulizwa cheti. Saa nzima imepotea kunitafuta mimi, na samaki wa baridi huwa hamsubiri mtu.

Asubuhi nampigia yule bwana kumuuliza nani kabadilisha maneno yangu, ananijibu "kwani una kazi gani". Una kazi gani! Mtu yuko likizo aliyoisaini mwenyewe, kwa kalamu yake!

KijanaWaKirumba:

Pole dada lakini mleta mada umenichekesha, wakala wa Sirari kaingia kwenye sendofu kabla ya bibi harusi 😂

DagaaMkavu:

Hiyo namba yako aliitoa wapi kama hukuandika? Isije ikawa ni sahihi yako ya chini ya barua pepe watu wanaisoma.

BintiWaNansio:

Sahihi yangu ina simu ya ofisi tu. Na tangu lini sahihi ikasema "nipigie wakati wowote"? Mtu mzima kakaa akaandika. Na kitu kinachonitia wazimu, nimemwomba mwenzangu aniandikie barua pepe kutoka ofisini kupima, yeye kapata maneno yangu ya mwanzo, yaleyale, yana meza ya pili. Sasa naonekana mimi ndiye mwongo.

FundiWaNyegezi:

Huongopi. Hapo ndipo penyewe. Outlook ina majibu mawili tofauti, si moja. Kuna la `Inside My Organization` na la `Outside My Organization`. Mwenzako yuko ndani ya kampuni, anapata la ndani. Wakala wa forodha yuko nje, anapata la nje. Aliyebadilisha kagusa la nje pekee, ndiyo maana ofisi nzima haijaona kitu. Ukitaka kupima jibu la likizo usimwombe mtu wa ofisini, tuma kutoka kwenye Gmail yako binafsi.

Na inawezekana kufanywa bila nywila yako. Mwenye mamlaka ya msimamizi wa mfumo anaingia kwa jina lako na kuhariri. Kijana wenu wa TEHAMA akiandika hii ataona yote mawili pamoja na tarehe:

```
Get-MailboxAutoReplyConfiguration -Identity jina@kampuni
```

Aangalie `InternalMessage` na `ExternalMessage`. Kama hazifanani na wewe hukuziandika hivyo, basi kuna mkono mwingine. Mabadiliko ya msimamizi huwa yanaacha alama kwenye kumbukumbu za ukaguzi kama zimewashwa, ila kama kijana huyo ndiye aliyeagizwa abadilishe, sijui utamwomba nani.

BintiWaNansio:

Kijana wa TEHAMA simlaumu, ameagizwa. Ana mwezi wa pili kazini, atasema hapana kwa nani? Lakini "kwani una kazi gani"! Mbele ya shangazi zangu, maana simu ilikuwa kwenye spika!

MzeeWaIgoma:

Wewe rudisha maneno yako mwenyewe leo. Fungua Outlook kwenye kivinjari cha simu, ingia mipangilio, tafuta `Automatic replies`, futa namba yako upande wa nje. Ila ujue waliokwisha kupata lile la mwanzo watakuwa wanalo. Kila barua wanayotuma inajibiwa upya, kwa hiyo wakituma tena watapata jipya.

FundiWaNyegezi:

Mzee kwa kurudisha uko sahihi, kwa la mwisho si hivyo. Outlook humjibu mtu mmoja mara moja tu kwa kipindi chote, haijibu kila barua. Gmail nayo ina utaratibu wake, mtu yuleyule akiendelea kuandika hupata jibu tena baada ya siku nne. Kwa hiyo wakala wa Sirari asitegemee kupata marekebisho yenyewe. Dada amwandikie yeye na wateja wengine wenye mizigo wiki hii, mistari miwili, "namba iliyoandikwa si ya dharura, tumia meza ya nyaraka". Asipofanya hivyo simu zitaendelea hata baada ya kurekebisha.

Halafu barua ya meza ya nyaraka ni bora kuliko jina la mtu. Huyo wa meza ya pili akiugua malaria kesho, nani atajibu? Sanduku la pamoja linasomwa na yeyote aliye zamu.

BintiWaNansio:

Nimeshabadilisha, asante fundi, Mungu akubariki. Mtandao wa huku unakatika lakini imekubali. Nimejitumia kutoka Gmail, sasa inasema meza ya pili. Naandika kwa wateja hapa hapa barazani.

Ila bado nauliza, kama yeye anaona simu ni kitu kidogo, kwa nini hakuweka YAKE? Yeye ndiye mwenye kusaini, ana gari, yuko mjini. Dharura ya kampuni si anaiweza? Kaweka ya mtu asiyeweza hata kugonga muhuri!

MwalimuSengerema:

Dada pole sana, mimi pia suala la likizo limenitesa. Nauli ya likizo kila nikifuatilia naambiwa faili halionekani. Nifanye nini?

KijanaWaKirumba:

Mwalimu hapa tunazungumzia barua pepe.

MwalimuSengerema:

Najua, lakini uzi ni wa likizo.

AfisaMstaafu:

Nimeshughulika na utumishi miaka mingi, niseme moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Ndiyo maana tarehe za huyu binti zimekaa sawa, kuanzia Jumatatu tarehe 1, siku ya 28 inaangukia Jumapili, anaripoti Jumatatu tarehe 29. Na kaandika siku ya kuripoti, mteja hahitaji kukisia. Watu wengi huandika siku ya mwisho ya likizo tu, mteja anapiga simu siku hiyohiyo.

Binti, bosi kuikatiza likizo ni jambo la kujadiliwa kwa maandishi. Muulize kwa barua pepe, si kwa simu, ni nani aliyeelekeza namba yako iwekwe. Nakala kwa afisa utumishi.

DagaaMkavu:

Siku 28 za kazi hizo, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Anapaswa kurudi Julai.

AfisaMstaafu:

Hapana ndugu, mfululizo ni mfululizo. Wikiendi zimo, na sikukuu ikiangukia humo imo. Kama mkataba wake unatoa zaidi hilo ni la mkataba.

DagaaMkavu:

Kwetu tunahesabu za kazi. Basi nyie mnaibiwa.

MamaLishaBuzuruga:

Huyo bosi namjua 😡 au ni ndugu yake. Wangu mimi alimwambia mteja nimeacha kazi wakati niko uzazi. Mteja akahamisha oda yake yote. Nimerudi na mtoto mgongoni naulizwa wateja wako wako wapi.

BintiWaNansio:

Mama pole jamani! Wangu kajibu barua pepe ya kuuliza. Nanukuu yote: "Tutazungumza ukirudi." Hakuna samahani, hakuna nani kafanya. Na "kwani una kazi gani" hajaigusa kabisa.

MzeeWaIgoma:

Akijibu hivyo ujue ni yeye. Ile barua usiifute.

KijanaWaKirumba:

Lile gari la Sirari lilivuka?

BintiWaNansio:

Lilivuka usiku, mwenzangu alipata cheti sahihi mara tu nilipompigia. Kazi aliyoweza kuifanya jioni ileile kama angepigiwa yeye!

MwalimuSengerema:

Sasa kwenye nauli ya likizo, wanaohesabiwa ni watoto wangapi? Mimi wangu wa tatu wamemkataa.

MamaLishaBuzuruga:

Mwalimu, wangu hawakulipa hata wa kwanza. Cheti cha kuzaliwa ulipeleka halisi au nakala?

MwalimuSengerema:

Nakala. Wakasema haina muhuri wa wakili.

DagaaMkavu:

Halmashauri gani hiyo? Kwetu wanataka muhuri na tiketi ya basi, na hela hujaiona. Fungua uzi wako mwalimu, nina mengi.