Cheti cha maji ya kisima chetu kimeandikwa "inakubalika", kumbe aseniki haikupimwa inavyotakiwa!

Mkazi wa Mteremkoni (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Mtaa wetu uko pembezoni mwa Arusha, kwenye mteremko wa Meru, na kaya zaidi ya arobaini tunatumia kisima kirefu kimoja. Aliyetuuzia viwanja ndiye aliyekichimba. Akaweka pampu, akajenga tangi, akabandika cheti cha maabara chenye muhuri kwenye ukuta wa kibanda cha pampu. Kila mgeni akiuliza habari ya maji anaoneshwa muhuri, mjadala unaisha. Miaka yote hiyo tunalipia ndoo.

Na maji yenyewe yanasifiwa kweli. Ni maangavu, sabuni inatoa povu tele, birika halishiki magamba meupe kama kwa watu wa visima vingine. Kina mama wanasema nguo zinatakata kwa sabuni kidogo. Kwa sisi tuliokulia Arusha tukiogopa floraidi na meno ya kahawia, kilichotutuliza ni mstari wa floraidi: 1.4, chini ya 1.5. Basi, tukanywa.

Mwaka huu mzee mmoja jirani alipelekwa na binti yake kwa daktari wa ngozi. Viganjani ana vinundu vidogo vigumu, ukimsalimia unavikwaruza kwa vidole, na nyayoni ni hivyo hivyo. Kifuani na mgongoni ana madoa meusi yaliyochanganyika na madoa meupe. Alishapakwa dawa za fangasi mpaka amechoka. Daktari hakuuliza habari ya sabuni wala mafuta, aliuliza: "Mzee, maji ya kunywa mnatoa wapi, na kwa muda gani?"

Binti akaenda kukisoma cheti mstari kwa mstari. Vijidudu: hakuna. Ugumu: 48. pH: 8.7. Aseniki: < 0.05, na pembeni yake "inakubalika". Tukachangishana, tukapeleka maji maabara nyingine. Majibu: aseniki miligramu 0.028 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 0.01, na kiwango cha TBS ni hicho hicho. Karibu mara tatu!

Tumemfuata muuzaji. Jibu lake: "Cheti changu kinasema inakubalika, nyie mmepima ndoo chafu." Yaani watoto waliozaliwa mtaani hapa wamekunywa maji haya tangu uji wao wa kwanza, halafu mtu anatuambia habari ya ndoo. Naomba wanaojua wanisaidie, karatasi mbili zinapishanaje hivi?

Kiboko wa Birika

Pole mkuu, ila msitishane. Chemsheni maji vizuri, yaache yatulie usiku, mimineni ya juu. Kile cheupe kinachobaki chini ndiyo sumu yenyewe, ndicho kinacholeta mawe kwenye figo. Sisi nyumbani tunafanya hivyo tangu enzi za bibi.

Mzee wa Maabara

Kiboko, kuchemsha kunaua vijidudu, hapo uko sahihi na watu wasiache. Lakini aseniki haifi kwa moto. Maji yanapaa na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Fikiria makande: yanachemka saa kadhaa, maji yakipungua unaongeza, yakipungua tena unaongeza. Kila ulichoongeza kimeacha aseniki yake ndani ya chungu, na mahindi na maharage yameinywa. Kwa hiyo mkazi wa pale asihesabu glasi za maji peke yake, ahesabu na chungu.

Na hicho cheupe cha birika ni chokaa, kalisi na magnesi. Ni ugumu wa maji. Kinaharibu vyombo na kula sabuni, lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu, na habari ya mawe ya figo haijathibitika kama watu wanavyoisema vijiweni.

Sasa nije kwa mleta uzi. Ulichokiita sifa ya maji yenu, mimi ningekitilia shaka tangu siku ya kwanza. Ugumu 48 na pH 8.7 ni maji laini yenye magadi. Kwenye miamba ya volkano maji ya namna hiyo yamekaa na mwamba muda mrefu, kalisi imepungua, sodiamu imezidi. Kalisi ikipungua, floraidi haipati cha kushikana nacho ili itulie chini, inabaki majini. pH ikipanda, aseniki iliyokuwa imeng'ang'ania kwenye kutu ya chuma ndani ya mwamba inaachia. Si kila kisima cha Meru kina aseniki, msije mkanielewa vibaya. Ila povu zuri la sabuni halikuambii kitu kuhusu aseniki. Haina rangi, haina ladha, haina harufu.

Kuhusu karatasi: alama ile < ndiyo iliyowaponza. Maana yake ni kwamba kipimo walichotumia hakioni chochote chini ya 0.05. Maji yenye 0.028 na maji yenye sifuri yote yangetoka yameandikwa < 0.05. Ni kupima dhahabu kwa mizani ya magunia. Na 0.05 ndicho kilikuwa kikomo cha Shirika la Afya Duniani mpaka kiliposhushwa kuwa 0.01 mwaka 1993. Kwa hiyo karatasi zenu hazipishani. Ya kwanza haikuwa na uwezo wa kujibu swali, na aliyeandika "inakubalika" alilijibu hata hivyo.

Mchaga wa Pasua

Wakuu, afadhali nimeukuta huu uzi. Mimi niko Moshi, hita yangu ya bafuni imekufa mara mbili, fundi akiifungua anakuta magamba meupe unene wa kidole. Ameniambia ninunue ile mashine ya kulainisha maji, ya kutia chumvi. Je, itanitolea na hiyo aseniki kwa mpigo mmoja?

Mzee wa Maabara

Hapana, kijana wangu. Mashine ile inakamata kalisi na magnesi na kukurudishia sodiamu. Aseniki inapita kama ilivyoingia. Kwa hita itakusaidia, kwa afya usiihesabu. Hata mkaa wa mifupa, tunaoujua huku kwa kutoa floraidi na ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, usiutegemee kwa aseniki. Zinazofanya kazi ni chujio zenye chembechembe za oksaidi ya chuma, alumina, au mashine ya utando wa shinikizo. Na zote zinachoka. Usipopima maji yanayotoka upande wa pili, hujui zimechoka lini.

Simba wa Tambarare

Mimi nina miaka ishirini nakunywa kisima, baba yangu amefika themanini. Huyo mzee ana ugonjwa wake wa ngozi, mnamsingizia maji. Mbona wake zake na wajukuu hawana vinundu?

Mzee wa Maabara

Swali la haki kabisa. Alama za ngozi kwa kawaida hazionekani kabla ya miaka mitano hivi ya kunywa, na watu hawafanani: wawili wanakula chungu kimoja, mmoja anaota vinundu, mwingine haoti. Kutokuwa na vinundu hakumaanishi uko salama. Kinachotutisha kwa muda mrefu ni saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu, pamoja na moyo na mishipa. Bangladeshi walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni ili waepuke maji machafu ya madimbwi. Aseniki haikupimwa. Ilipogundulika mwaka 1993, watu walishakunywa miaka mingi.

Kama mzee huyo ameyapata kwa maji au la, mimi siwezi kumsemea daktari. Mkojo unaweza kupimwa, ila unaonesha alichokunywa siku chache zilizopita, si cha miaka kumi. Na asile samaki wa baharini siku kadhaa kabla, watavuruga majibu.

Mama Wawili

Mimi ni mpangaji mtaa huo huo. Nina mtoto wa miezi saba. Naomba kujua kitu kimoja tu, namwogeshea nini?

Mzee wa Maabara

Mwogeshe hayo hayo, dada, na nguo fua. Ngozini hupita kidogo mno. Hatari iko mdomoni: ya kunywa, ya uji, ya kupikia. Hayo mtafutie ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchemshwa, au ya bomba la mamlaka. Leo, usisubiri kesi iishe.

Dalali Mstaafu

Nitasema upande wa pili hata mkinichukia. Wengi wanaochimba wanalipia kipimo cha kawaida, kwa sababu cha metali kina bei yake na mnunuzi wa kiwanja haulizi. Mkataba ukisema "maji yaliyopimwa", muuzaji ametimiza. Nani alipaswa kumwambia apime aseniki?

Mkazi wa Mteremkoni

Dalali, nakujibu bila matusi ila kwa uchungu. Anayeuza maji ndiye anayepaswa kujua anauza nini. Mimi nilinunua ndoo, sikununua kazi ya maabara. Kama kipimo chake kilikuwa hakioni, mstari ule ungeachwa wazi, tungejua haujapimwa, tungejipimia. Neno "inakubalika" ndilo lililotuzuia kupima. Tulikaa miaka tisa kwa neno hilo moja! Kisheria sijui tunasimama wapi, kama kuna mwanasheria humu aliyewahi kumbana mwenye kisima binafsi na akalipa, aje.

Mzee wa Maabara, shikamoo na asante. Muuzaji amekubali kipimo cha tatu, kwa sharti kwamba awepo. Tuchukueje sampuli asipate pa kusema tena habari ya ndoo?

Mzee wa Maabara

Marahaba. Msichote tangini wala kwenye ndoo. Chukueni kwenye bomba la pampu, kabla ya tangi, pampu ikiwa imekimbia mpaka maji yaliyolala kwenye bomba yameisha, nusu saa hivi au zaidi kwa kisima kirefu. Chupa itoke maabara, na waombeni ile yenye tindikali ya nitriki kidogo ndani, ili aseniki isigande kwenye chuma na kubaki ukutani mwa chupa. Msiisuuze hiyo. Jazeni mbili, mzifunge mbele yake, asaini lebo, moja ibaki kwenu. Kabla ya kulipa ulizeni maabara: "Kipimo chenu kinaona mpaka wapi?" Wakijibu 0.05, ondokeni. Tafuteni wanaoona 0.001 au karibu na hapo. Na mrudie baada ya masika, namba inaweza kusogea.

Mkazi wa Mteremkoni

Nimeyaandika yote. Jumamosi asubuhi tunawasha pampu, muuzaji atakuwepo, binti wa mzee ndiye atakayesaini kwa niaba yetu. Karatasi ikitoka naweka picha yake hapa, na mstari wa uwezo wa kipimo uonekane.