Tupeane uzoefu: chati ya habari iliyotaka kukudanganya macho, uliishtukia vipi?

Mkaazi wa Pwani
Wakuu habari za jioni. Grupu letu la ukoo limewaka moto kwa skrinshoti mbili za dola na shilingi ya Kenya. Binamu kaleta chati inayoanza Januari 2024, dola ikiwa karibu 160, inateremka hadi 129 hivi mwisho wa mwaka. Anasema shilingi imefufuka. Shemeji akajibu kwa chati inayoanza Januari 2022, dola ikiwa 113, nayo inaishia pale pale 129. Kwake shilingi ndiyo imezama. Namba nimezilinganisha na za Benki Kuu, zote ni za kweli. Nyinyi mmekutana na mambo haya?

Kalamu Nyekundu
Nimekaa sana kwenye dawati la gazeti, na kitu cha kwanza nilichokuwa nakitazama ni tarehe ya kushoto. Kwa nini mwandishi kaanzia hapo? Januari 2024 dola ilikuwa kileleni, watu wakihofia kama Kenya itaweza kulipa bondi ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikauza bondi mpya nje ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, hofu ikapungua, dola ikashuka haraka. Ukianzia kileleni huna njia ila kuteremka. Rudi nyuma mwaka mmoja tu, Januari 2023, dola ilikuwa 123 na ushee, na ule ushindi wa binamu haupo tena. Mimi nikiona chati inageuka maana kwa kusogeza mwanzo kidogo hivyo, nilikuwa nairudisha kwa aliyeichora.

Dogo wa Kariakoo
Mnajichosha. Kanuni ni moja, chati isiyoanzia sifuri ni uongo. Juzi nimetumiwa moja, pembeni inaanzia 129.0 inaishia 129.6, dola imepaa kama roketi. Nikamblock aliyetuma.

Kalamu Nyekundu
Kwa chati ya nguzo nakubaliana nawe, kwa sababu jicho linapima urefu wa nguzo. Mwaka 2012 Fox News walionyesha kodi ya juu kabisa ya Marekani ikitoka asilimia 35 kwenda 39.6, lakini nguzo zilianzia 34. Ya pili ikaonekana ndefu zaidi ya mara tano, wakati tofauti halisi ni kama asilimia 13. Mstari ni mambo mengine. Ukichora joto la mgonjwa kuanzia sifuri, homa ya 39 huioni kabisa. Hiyo yako ya dola huenda hata hakuna aliyekusudia ubaya: chati za Google hujipanga zenyewe kufuata namba za kipindi ulichochagua, kwa hiyo ukichagua mwezi mtulivu, senti chache zinajaza skrini nzima. Chukua namba ya mwisho, toa ya kwanza, gawanya kwa ya kwanza. Hata ikiwa imepanda senti zote 60, juu ya 129 ni karibu nusu ya asilimia moja. Anayebadilisha dola 1,000 anaona tofauti ya shilingi 600.

Dogo wa Kariakoo
Sawa mkuu, ila yule simfungulii. Ana mengine.

Mama Shughuli
Samahanini jamani, kwa hiyo dola ninunue sasa au nisubiri? Nina mzigo wa vitenge unanisubiri Dubai.

Mkaazi wa Pwani
Mama, hapa hatutabiri bei 😂 Tunajadili picha tu.

Bint Mtwara
Kwetu Tanzania ujanja unapita kwenye miezi. Korosho zinauzwa kuanzia Oktoba, watalii nao wapo, dola zinaingia na shilingi inapata nguvu. Ikifika Machi zinakauka. Anayetaka kusifu anachora Agosti hadi Desemba, anayetaka kulaumu anachora Desemba hadi Aprili. Mimi nalinganisha Desemba na Desemba iliyopita, basi. Halafu baba mdogo aliwahi kushangilia mstari unaopanda, kumbe ulikuwa bei ya dola, yaani shilingi inaanguka!

Mkaazi wa Pwani
Nimemwambia binamu kuhusu kilele. Kajibu kwamba Januari 2024 ina haki yake, maana ndipo sera zilipobadilika, na shemeji naye kajichagulia 2022 kwa sababu ni mwaka wa uchaguzi. Hapo nimekwama.

Kalamu Nyekundu
Binamu ana hoja, mradi aiandike juu ya chati: "tangu kilele cha Januari 2024". Asipoandika, mimi bado naihesabu kama hila.

Bint Mtwara
Mimi hata akiandika sikubali. Picha ikifowadiwa maandishi yanakatwa, mteremko unabaki. Aweke miaka mitano yote.

Mzee wa Bandari
Niliyotumiwa mimi leo haina namba pembeni, wala tarehe chini. Mshale mwekundu tu na nembo ya televisheni. Hiyo mnaipimaje?

Kalamu Nyekundu
Haipimiki, mzee. Mwulize aliyekutumia kama anayo ile nzima.