Msaada: picha za kufunikia hazitoshi, ripoti inatakiwa kesho

DogoWaUyole: Wakuu, ripoti yangu ya bei ya viazi sokoni Uyole ni dakika 1 na sekunde 45. Simulizi yangu ni sekunde 68, mahojiano 37. Nina picha 9 tu za video za kufunikia simulizi. Nizirudie?

Mkasi_Mbeya: Usirudie, mtazamaji anashtuka akiona gunia lile lile. Simulizi ya sekunde 68, kila picha sekunde 4, ni picha 17. Kwanza panga sauti zote kwenye taimulaini, ndipo ufunike. Mahojiano yaache na sura yake, hayahitaji kufunikwa.

Kijiko: Punguza mwendo kwa nusu, 9 zitakuwa kama 18.

Mkasi_Mbeya: Hiyo inafaa kama alirekodi fremu 50 kwa sekunde. Kwa 25, kila fremu inajirudia na picha inakwamakwama. Na mpima mizani anayekwenda taratibu kwenye habari anaonekana kama yuko ndotoni.

DogoWaUyole: Nilirekodi 25. Halafu mahojiano nayo lazima niyafunike sekunde 5.

Mkasi_Mbeya: Kwa nini lazima?

Mama_Mafinga: Huku kwetu mbao hazipigwi picha asubuhi, ukungu mtupu. Wewe ulienda saa ngapi, mwanangu?

DogoWaUyole: Saa 4, mama. Mkuu, kuna mahali nimekata katikati. Dalali anasema bei itashuka mwezi ujao, ndipo wateja watafurahi.

Mkasi_Mbeya: Umekata nini hapo kati?

DogoWaUyole: "Kama barabara ya kutoka shambani itapitika." Na maelezo ya malori. Sekunde 8. Lakini barabara nimeieleza mwenyewe kwenye simulizi, maana ni ile ile, na picha ikifunika hakuna atakayejua.

Mkasi_Mbeya: Sio ile ile. Alitoa sharti, wewe umemfanya aahidi. Na masikio yatajua: kama lori lilikuwa linanguruma nyuma yake, mngurumo unakatika ghafla pale ulipounga. Picha haifuniki sauti.

Kipanga_Soweto: Hii chai. Dalali gani wa Uyole aseme mbele ya kamera kwamba bei itashuka?

Kijiko: 😂😂 Labda alikuwa mnunuzi.

DogoWaUyole: Sio chai! Faili ghafi lipo, jibu linaanza 04:12. Lori linasikika kweli, nimejaribu kulishusha lakini sauti yake dalali nayo inafifia.

Kipanga_Soweto: Na sekunde 8 za malori zinakushinda kuacha? Chai yenye tangawizi.

Mkasi_Mbeya: Chai au sio chai, hesabu ni hii. Rudisha sekunde 8, sura yake ikionekana. Futa sentensi yako inayoeleza barabara, kama nayo ni sekunde 8, maana yeye ameshaisema. Simulizi inabaki 60, yaani picha 15. Unakosa 6: mizani, mikono inayochambua, mdomo wa gunia, tairi kwenye tope, soko lote kwa mbali, mteja akilipa. Kila moja irekodi sekunde 10 bila kutikisa, na uache sauti ya soko iingie chini ya simulizi.

DogoWaUyole: Ile sentensi ya barabara ndiyo mhariri aliyoipenda lakini.

Mama_Mafinga: Viazi gunia bei gani sasa?