Mjadala: Hesabu ya kijitaa cha mita ikubaliwe kuwa ushahidi?

Muulizaji, Wete: Nimebandika kihisi mwanga juu ya kijitaa chekundu cha mita yetu iliyopo barazani, kinahesabu kila kinapowaka. Mita imeandikwa `1000 imp/kWh`. Kwa siku moja kihisi kimehesabu 5,900, yaani yuniti 5.9, na mita imekata 7.4. Je, mteja akilalamika, ofisi ya umeme isiipokee hesabu hii?

Kijana wa Chake Chake: Ipokewe! Mita ni yao, kupima wapime wao, na kulalamika tukalalamike kwao. Kihisi ni shahidi wa pembeni. Kuwaka mara elfu moja ni yuniti moja, hapo hakuna ubishi, na yuniti moja na nusu kila siku ni pesa ya mtu.

Fundi, Mwanakwerekwe: Elfu moja kwa yuniti, sawa. Shahidi wa pembeni, hapana. Kijitaa kinawashwa na chipu ileile inayokata yuniti. Chipu ikipima kwa makosa, kijitaa kitawaka kwa makosa yaleyale, na kihisi chako kitayahesabu kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo hesabu hizo mbili zikitofautiana, mtuhumiwa wa kwanza ni kihisi.

Ndugu yangu wa Wete, tazama hesabu yako saa kwa saa. Kuna saa za mchana zinazoonesha sifuri?

Muulizaji: Zipo. Kuanzia saa tano mpaka kama saa nane hakuna kitu kabisa.

Fundi: Na friji lilikuwa linafanya kazi? Basi hilo ni jua. Mwanga wa mchana ukikijaza kihisi, hakioni tena tofauti ya kijitaa kuwaka na kuzima. Zile 1,500 zimepotelea hapo. Kizibe kwa utepe mweusi pande zote, pasiingie mwanga wowote, halafu ulinganishe tena. Kama unatumia kile kihisi cha bei rahisi ambacho ukinzani wake hubadilika kwa mwanga, ujue ni kizito kidogo: mzigo ukiwa mkubwa na kijitaa kikiwaka harakaharaka, kinaweza kuruka. Fototransista ni nyepesi zaidi.

Mama mwenye nyumba, Mkoani: Mimi nna wapangaji watatu kwenye mita moja na kila mwezi ni ugomvi. Nikiweka hiki kidude nitamjua anayewasha pasi usiku?

Fundi: Utajua saa iliyowashwa, mama, hutamjua aliyewasha. Kijitaa kinajumlisha nyumba nzima. Kwa ugomvi wako weka mita ndogo kwa kila mpangaji.

Mwalimu wa fizikia, Jang'ombe: Naona fundi amelifunga shauri mapema. Kijitaa kinaweza kuipima mita yenyewe, sharti kuwe na mzigo unaojulikana. Zima kila kitu, washa birika la wati 2,000 peke yake. Kwa mita hii kijitaa kiwake kila baada ya sekunde 1.8. Anza saa kinapowaka, hesabu kumi zinazofuata: ziwe sekunde 18. Zikiwa 14, mita inakimbia, na hilo ofisi ilisikilize.

Fundi: Nakubali njia, mwalimu, ila ile 2,000 ya kwenye kibandiko tusiiamini hivi hivi. Imeandikwa kwa volti fulani, tuseme 230. Magharibi watu wote wamewasha, volti zikishuka hadi 207, birika hilo linakula wati 1,620 tu, na kumi zako zitachukua sekunde 22. Mtu atasema mita inamuonea huruma! Pima volti za soketi wakati birika linachemka, ndipo upige hesabu.

Kijana wa Chake Chake: Haya, lakini nani ana multimita nyumbani? Mwisho wa siku tunarudi kulekule kuwaamini wao.

Muulizaji: Nimeziba kwa utepe. Jana kihisi 7,080, mita imekata 7.1. Sasa wameafikiana. Ila usiku nilizima swichi kubwa ya nyumba na kijitaa kikaendelea kuwaka, mara moja kila nusu dakika hivi.

Fundi: Hilo ndilo la kupeleka ofisini. Sekunde 30 ni kama wati 120, na umeme huo unapita kwenye mita bila kuzuiwa na swichi yako. Ama swichi haikati sawasawa, ama pana waya uliounganishwa hapo katikati. Usifungue kitu, wala usiguse lakiri. Andika saa ulizozima, waite waje waone kwa macho yao.

Mwalimu: Naam, waje. Lakini swali la mwanzo liko palepale: wakija wakakuta kijitaa kimetulia, rekodi ya usiku wa jana itahesabika?

Fundi: Mimi ningeiangalia. Ofisi nyengine itasema umebandika kitu kwenye mali yao, ubandue kwanza.

Kijana wa Chake Chake: Kibandiko cha juu ya kioo si kuichezea mita. Waseme wazi, kwa maandishi, ili mteja ajue kabla hajanunua kihisi.