Simu gani ina GPS nzuri kati ya hizi mbili? Jumamosi nanunua

korosho_kwetu
Habari za jioni wakuu. Jumamosi nashuka Kariakoo kununua simu na nimebakiwa na mbili. Ya kwanza mpya, laki tatu na nusu, chaji inakaa siku mbili. Ya pili imetumika, laki tano na nusu, muuzaji anasema ina "GPS ya masafa mawili, L1 na L5". Hiyo L5 ni kitu cha kweli au ni maneno ya dukani? Ipi ina GPS nzuri? Natanguliza shukrani.

Dogo_Temeke
Chukua mpya, usipoteze hela. GPS zote ni zile zile, kinachotofautisha ni bando. Satelaiti inaiona simu yako, inapiga hesabu, halafu inakurushia jibu kwa intaneti. Mtandao ukiwa wa kusuasua hata simu ya milioni mbili itakuonyesha upo baharini unaogelea.

Mama_Neema
Samahani naingilia kwa kuwa mada ni hii hii. Mwanangu kaibiwa simu Mbagala, wameizima. Hiyo L5 inaweza kunionyesha ilipo?

kamba_na_nguzo
Mama Neema pole sana, lakini hapana. Satelaiti hazijui simu ya mwanao wala ya mtu yeyote. Simu inasikiliza tu, kama redio. Kwa simu nyingi, ili uione ilipo ni lazima iwe imewashwa, ijitafutie mahali ilipo, kisha yenyewe ikutumie kwa mtandao. Ikizimwa hakuna wa kukwambia.

Dogo, umeshika kidogo tu. Bando linasaidia mwanzoni. Simu ikitaka kujua satelaiti zinapita wapi angani, zenyewe zinatangaza, ila polepole mno: inachukua kama sekunde 30 za kusikia bila kukatizwa. Intaneti inaleta habari hizo mara moja. Baada ya hapo zima data, weka hata hali ya ndege, simama uwanjani, nukta itaendelea kukufuata.

korosho_kwetu, hujasema unaitaka kwa kazi gani. Bodaboda, kukimbia asubuhi, au kutafuta viwanja? Jibu si moja.

Dogo_Temeke
Sawa mkuu, lakini kama simu haiongei na satelaiti, umbali inaujuaje?

kamba_na_nguzo
Kwa saa. Utotoni tulikuwa tukiona radi tunahesabu mpaka ngurumo ifike, tunajua imepiga karibu au mbali. Hapa ni hivyo hivyo, ila hakuna mwako wa kukuambia uanze lini kuhesabu. Badala yake kila satelaiti ina saa ya atomiki na inatangaza muda wote: mimi ni fulani, nipo hapa, ninapotuma hii saa yangu inasoma hivi. Simu inaangalia imepokea saa ngapi, inatoa saa ya kutumwa, inazidisha kwa kasi ya mwanga.

Za GPS zipo juu kama kilomita 20,200. Ikiwa utosini kwako, mawimbi yanafika kwa sehemu 67 hivi za elfu ya sekunde. Sasa shida: saa ya simu ni ya bei rahisi. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ndiyo maana satelaiti tatu hazitoshi. Kosa la saa ya simu ni moja kwa satelaiti zote, kwa hiyo simu inalichukua kama kitu cha nne kisichojulikana, na satelaiti ya nne inakifichua. Kuna sahihisho moja tu la saa linalofanya umbali wote ukutane mahali pamoja. Likipatikana, simu imepata mahali na imepata saa sahihi kwa mkupuo.

bandari_kale
Ndugu zangu, mwamchosha mwenzenu kwa mahesabu. Huku Mombasa jibu ni fupi: tafuta aifoni iliyotumika, yaisha hadithi. Za Pro, toka 14 Pro, zina hiyo L5 yenu.

kamba_na_nguzo
Kweli 14 Pro inayo. Ila kwa bajeti ya laki tano utaipata wapi? Na aifoni haikuruhusu kuchungulia inapokea nini kwa kila satelaiti. Kwenye Androidi unaona kila kitu. Simu ya kwanza ya masafa mawili ilikuwa Xiaomi Mi 8, mwaka 2018, kwa hiyo zilizotumika zipo mtaani siku nyingi.

bandari_kale
Kuchungulia ya nini? Mimi nataka kufika, si kumhesabia Mola nyota zake.

korosho_kwetu
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Kazi ni kupima shamba, nipo Mkuranga. Palizi nalipa vibarua kwa ekari. Mwezi uliopita nilizunguka shamba na simu yangu ya zamani ikaleta ekari 3.1. Kiongozi wao akazunguka na ya kwake, ikaleta 3.6. Tuligombana mpaka mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Nataka simu ya kumaliza maneno.

kamba_na_nguzo
Hapo sasa tunaongea. Shamba lina mikorosho mikubwa pembeni?

korosho_kwetu
Pande mbili. Upande wa tatu kuna nyumba ya bati ya jirani, upande wa nne barabara.

kamba_na_nguzo
Basi adui yako ni mwangwi. Mawimbi yanagonga bati yanarudi, au yanapita kwenye majani yakidhoofika. Yaliyogonga bati yamesafiri njia ndefu, kwa hiyo yamechelewa, na simu inadhani satelaiti ipo mbali kuliko ilivyo. L1 inatambua saa kwa alama ambazo kila moja ina urefu wa karibu mita 300 hewani. Mwangwi uliochelewa mita 60 unaingia katikati ya alama, unachanganyika na sauti ya kweli, na simu haiwezi kuzitenganisha vizuri. Alama za L5 ni fupi mara kumi, mita 30 hivi. Mwangwi ule ule unaonekana peke yake, simu inauacha. Hiyo ndiyo faida yake, siyo maneno ya dukani.

Lakini sikiliza hili kabla hujatoa hela. Kwa eneo la shamba, si kila kosa linaumiza. Mawimbi yanacheleweshwa pia na tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na hilo linaweza kukusogeza mita kadhaa. Ila ukizunguka shamba kwa dakika kumi, pembe zote zinasogea karibu sawa, upande ule ule. Shamba limehama kwenye ramani, ukubwa haujabadilika. Kinachoharibu ekari ni kosa la pembe moja tu. Chukua ekari moja ya mraba, mita 64 kwa 64, ambayo ni mita za mraba 4,096. Pembe iliyo karibu na bati ikivutwa nje mita 8 kufuata mstari wa upande mmoja, umeongeza pembetatu yenye kitako cha mita 8 na kimo cha mita 64. Nusu ya 8 mara 64 ni mita za mraba 256, yaani zaidi ya asilimia 6 kwa pembe moja. Mbili zikikosea hivyo kwenda nje, ugomvi umeshapatikana.

Dogo_Temeke
Kwa hiyo apime usiku, hewa ikiwa imetulia na hakuna jua.

kamba_na_nguzo
Kwa ukanda wetu wa karibu na ikweta, masaa ya baada ya jua kuzama ndiyo tabaka hilo linachafuka zaidi, hasa karibu na Machi na Septemba. Mawimbi yanapepesuka, simu inapoteza satelaiti. Apime asubuhi.

shemeji_Singida
Mimi sitaki kusikia habari ya kuamini nukta. Mwaka juzi familia tulichanga hela za kisima. Kaka yangu akamtumia mchimbaji mahali kwa WhatsApp. Kumbe alikuwa amekaa sebuleni, paa la bati, simu haioni mbingu, ikabahatisha kwa mnara wa simu. Ukiangalia vizuri kulikuwa na duara kubwa la bluu limemeza nusu ya kijiji, hakuna aliyelijali. Lori la mtambo likaifuata nukta katikati ya duara, kilomita mbili na ushee kutoka kwetu, likazama kwenye mbuga ya mpunga. Siku mbili kulinasua, trekta la kukodi, mafuta, chakula cha watu sita. Mchimbaji anasema tulipe, sisi tunasema angepiga simu kabla ya kuingia mbugani. Hela ya kisima iliishia matopeni. Mpaka leo mama anachota maji ya mtoni na kaka hajakanyaga nyumbani Idi mbili.

bandari_kale
Pole shemeji. Ila hilo si kosa la GPS, ni la duara.

shemeji_Singida
Duara lilitoka kwenye simu, si kwenye sufuria.

kamba_na_nguzo
Shemeji ana haki kwa sehemu moja: duara ni simu ikikiri kwamba haina uhakika. Kaka angetoka nje dakika moja, lingesinyaa.

korosho_kwetu, ukifika dukani usitoe hela kwa maneno. Jina moja la simu linaweza kuuzwa na chipu tofauti kwa nchi tofauti. Weka programu ya `GPSTest`, toka nje kabisa ya vibaraza, subiri dakika mbili. Kuna safu inayoonyesha masafa. Ukiona `L1` peke yake, muuzaji amekupiga. Ukiona pia `L5` au `E5a`, ambayo ni masafa yale yale kwa satelaiti za Ulaya, ni kweli. Usitishike zikiwa chache, satelaiti za zamani za GPS hazitumi L5. Angalia na nguvu ya mawimbi: 40 na zaidi safi, ikishuka chini ya 25 simu inabahatisha. Kwa hiyo usijaribu kwenye kichochoro cha maghorofa, utailaumu simu bure.

Na chini ya mkorosho mzito hata L5 haifanyi muujiza. Kwenye kila pembe sogea pa wazi, inua simu mbali na mwili, simama dakika nzima kabla ya kuweka alama. Simu ya laki tatu na nusu ikitumika hivyo inaweza kuishinda ya L5 inayotembezwa mfukoni.

korosho_kwetu
Kwa hiyo ninunue ipi?

Mzee_wa_Hatua
Hakuna hata moja. Ekari ni hatua sabini kwa sabini, tumelima hivyo tangu ukoloni. Nunua kamba.

Dogo_Temeke
Hatua za nani mzee? Za kwako au za kibarua mfupi? Ndiyo maana wanagombana.

Mzee_wa_Hatua
Hatua ya mtu mzima ni yadi moja. Sabini kwa sabini ni yadi za mraba 4,900, na ekari ya vitabuni ni 4,840. Tuambie simu yako imekosea kwa ngapi.

kamba_na_nguzo
Mzee hapo umenipiga. Ila shamba la korosho_kwetu si mraba, nadhani.

korosho_kwetu
Lina kona saba, na moja ipo ndani ya kichuguu.

Mzee_wa_Hatua
Kichuguu unazunguka.

Mama_Neema
Wameiwasha ile simu! Imeonyesha duara kubwa kweli, Mbagala mpaka Kongowe. Nianzie wapi?